Laptopu imekaa miezi minne, nenosiri jipya linakataa

*Mtaalamu, habari za kazi. Laptopu yangu ya ofisini nimeiacha kabatini karibu miezi minne, nikifanya kazi kwa kompyuta nyingine. Katikati ya hapo nenosiri langu la domeini liliisha muda nikalibadilisha huko huko. Sasa niko nyumbani, nimeiwasha laptopu, nenosiri jipya linakataa na inaandika "We can't sign you in with this credential because your domain isn't available". Fundi ananiambia taarifa za kuingilia zilizohifadhiwa ndani ya mashine zimeisha muda kwa sababu imekaa sana bila mtandao, na dawa yake ni kuitoa kwenye domeini na kuirudisha. Nina mafaili humo ambayo hayako kwingine. Nikubali?*

Usikubali, walau si leo. Ukiitoa kwenye domeini, yaani mfumo wa ofisi unaosimamia akaunti na kompyuta zote kupitia seva zake, ukiwa nyumbani unaweza kujifungia nje kabisa, na sababu anayoitoa fundi haipo. Windows haina siku ya mwisho ya taarifa hizo. Laptopu ikikaa kabatini miezi minne au miaka miwili, kile ilichokihifadhi kinabaki kilivyokuwa, na ukiipa nenosiri linalolingana nacho itakufungulia. Kwako muda hauna kosa. Nenosiri limebadilika, na laptopu haijaambiwa.

Kila unapoingia kwa akaunti ya domeini huku seva ya domeini inafikika, seva ndiyo inayolikagua nenosiri. Ikikubali, Windows inaweka ndani ya mashine alama ya kihesabu iliyotengenezwa kutokana na nenosiri hilo. Nenosiri lenyewe halihifadhiwi hapo, na ukiwa na alama hiyo mkononi huwezi kuisoma kinyumenyume ukalipata. Alama hukaa kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, katika sehemu iitwayo `HKLM\SECURITY\Cache`, katika visanduku vyenye majina kama `NL$1`, `NL$2` na kuendelea, ambavyo hata admini wa kawaida akifungua rejista havioni. Siku ukiwasha mashine mahali ambapo seva haifikiki, Windows inachukua ulichoandika, inakipitisha kwenye hesabu ileile, kisha inalinganisha. Vikilingana unaingia.

Kwa hiyo laptopu yako inajua nenosiri moja tu: lile la mwisho ambalo seva ilithibitisha *juu ya laptopu hiyohiyo*. Tuseme mwezi wa kwanza uliingia ofisini kwa nenosiri A, kisha ukaifunga kabatini. Mwezi wa tatu ukabadilisha kuwa B kwenye kompyuta nyingine. Mwezi wa tano ukasahau, watu wa tehama wakakuwekea C. Seva inajua C. Laptopu bado iko kwenye A. Wengi katika hali hii hujaribu C, likikataa wanajaribu B kwa sababu ndilo "la zamani" wanalolikumbuka, kisha wanakata tamaa. B halijawahi kugusa laptopu hiyo hata mara moja.

Uvumi wa kuisha muda nadhani unatokana na siku 30. Kompyuta iliyo kwenye domeini nayo ina akaunti yake na nenosiri lake, tofauti kabisa na lako, na kwa kawaida hulibadilisha kila baada ya siku 30. Watu wakiona namba hiyo wanahitimisha kwamba mashine isiyoonekana mwezi mmoja imefutwa. Lakini mabadiliko hayo huanzishwa na kompyuta yenyewe, tena pale inapofikia seva. Ikiwa kabatini haibadilishi kitu, seva inaendelea kushika nenosiri lilelile la mashine, na siku ikirudi wanaelewana kama kawaida, kisha mashine inabadilisha baada ya hapo. Urefu wa safari peke yake hauvunji uhusiano huo.

Jambo la pili la kulielewa kabla hujagusa kitu ni kwamba seva ikijibu, neno lake ndilo la mwisho. Windows haiendi kwenye akiba yake, yaani ile alama iliyohifadhiwa, kwa sababu seva imekataa. Inakwenda huko pale tu inaposhindwa kuipata seva. Ndiyo maana nenosiri la zamani linaweza kufanya kazi sebuleni kwako na likakataa ofisini, na jipya likafanya kinyume chake. Ujumbe uliouona unasema wazi kwamba domeini haipatikani, maana yake Windows iliitafuta seva ikaikosa, na ulichoandika hakikulingana na kilichohifadhiwa. Soma pia sentensi ya mwisho ya ujumbe huo, ambayo wengi hawafiki: inakuambia kwamba kama uliwahi kuingia kwenye kifaa hicho kwa taarifa nyingine, unaweza kuzitumia hizo. Kwa lugha yetu: jaribu la zamani.

Basi anza hapo. Kaa na kalamu ukumbuke ulipoingia kwenye laptopu hiyo mara ya mwisho ulikuwa unatumia nenosiri gani. Pengine lilikuwa lile la robo ya mwaka iliyopita lenye namba tofauti mwishoni. Watu hubadilisha namba tu, na kama wewe ni mmoja wao leo itakusaidia. Kabla ya kuandika, zima mtandao: bonyeza alama ya mtandao kwenye kona ya chini ya skrini ya kuingilia uwashe hali ya ndege, au chomoa waya. Laptopu nyingine za ofisi zina VPN, njia salama ya kufikia mtandao wa ofisi ukiwa nje, inayojiunga yenyewe hata kabla hujaingia, na ikiwa hivyo seva itajibu na kulikataa nenosiri la zamani wakati akiba ingelikubali.

Angalia chini ya kisanduku cha nenosiri kama imeandikwa `Sign in to:` na jina la domeini yenu. Ikiwa umeandika jina lako kwa mtindo mwingine, mathalani kwa anwani ya baruapepe ilhali zamani ulikuwa unaandika jina fupi, rudi kwenye mtindo wa zamani. Bonyeza alama ya jicho uone herufi unazoandika, maana mpangilio wa kibodi kwenye skrini hiyo unaweza kuwa tofauti na uliouzoea, na alama kama @ ikahamia kwenye kitufe kingine. Kama uliwahi kuweka PIN au alama ya kidole, jaribu hiyo kabla ya yote. PIN haitegemei nenosiri, kwa hiyo kubadilishwa kwa nenosiri hakuifuti.

Usibahatishe hovyo. Majaribio unayoyafanya bila mtandao hayafungi akaunti yako kwenye seva, kwa kuwa seva haiyaoni. Lakini baadhi ya ofisi huweka sera inayosema mashine ikikosewa idadi fulani ya mara ijizime na kuwaka upya ikidai ufunguo wa kufufulia wa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, ule wa tarakimu 48. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, na laptopu za ofisi nyingi zimefungwa, jaribu yale mawili matatu unayoyaamini kisha tulia.

Tuseme A limekubali na uko ndani. Watu wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza, kesho wanaandika C na wanakuta mlango umefungwa tena. Kuingia kwa A hakujaiambia laptopu lolote kuhusu C. Sasa washa mtandao, unganisha VPN ya ofisi ukitumia C, kwa sababu VPN inaulizwa na upande wa ofisi na huko C ndilo linalojulikana. VPN ikishashika, hakikisha kwamba seva ya domeini inaonekana kweli. Fungua dirisha la amri uandike, ukiweka jina la domeini yenu badala ya hili la mfano:

```
nltest /dsgetdc:kampuni.local /force
```

Likirudi jina la seva na mstari wa `The command completed successfully`, uko sawa. Likirudi `1355` na maneno `ERROR_NO_SUCH_DOMAIN`, VPN imeunganika lakini kompyuta haijui pa kuipata domeini. Mara nyingi kosa liko kwenye DNS: mashine bado inaiuliza ruta ya nyumbani kuhusu majina ya ofisini, nayo ruta haiyajui. Hilo ni la kurekebishwa na watu wa tehama, na hatua inayofuata haitafanya kazi hadi lirekebishwe. Alama ya kijani kwenye programu ya VPN haitoshi kukuthibitishia.

Seva ikionekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ufunge skrini, *usitoke*, VPN ibaki imeunganika. Kisha fungua skrini kwa nenosiri jipya, C. Windows italiona halilingani na ililonalo, itaiuliza seva, seva itakubali, na alama mpya itaandikwa juu ya ile ya zamani. Hapo ndipo laptopu imelijua C. Ukitoka kabisa badala ya kufunga skrini, VPN nyingi hukatika na unarudi ulikoanzia. Nimeona watu wazima wakizunguka mduara huo asubuhi nzima.

Kama kwa sababu yoyote kufunga skrini kunaikata VPN, kuna njia ya kufanya ukaguzi huohuo bila kuondoka ulipo:

```
runas /user:KAMPUNI\mtumiaji cmd
```

Itakuuliza nenosiri, uandike C. Herufi hazionekani unapoandika, ndivyo ilivyo. Dirisha jeusi la pili likifunguka, maana yake umeingia upya kwa C mbele ya seva, na akiba imeandikwa. Funga dirisha hilo, huna kazi nalo.

Sasa tuje kwenye hali ngumu, kwamba A umelisahau kabisa. Hapa akiba haikusaidii, na kinachobaki ni kuifanya seva ifikike wakati bado uko kwenye skrini ya kuingilia. Njia isiyo na fundi wala amri ni kuipeleka laptopu ofisini, kuichomeka waya wa mtandao, kungoja kidogo ipate anwani, na kuingia kwa C. Waya nasema kwa makusudi. Waifai ya ofisini huenda inadai jina na nenosiri la mtumiaji kabla ya kukuruhusu, na mtumiaji huyo ndiye anayejaribu kuingia, kwa hiyo kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kama ofisi iko mbali, tazama kona ya chini kulia ya skrini ya kuingilia. Pakiwa na alama ya ziada ambayo ukiielekezea kishale inaandika `Network sign-in`, ofisi yenu iliweka VPN inayoweza kuanzishwa kabla ya kuingia. Unganisha kwanza waifai ya nyumbani, kisha bonyeza alama hiyo uandike C, na Windows itaiunganisha VPN halafu ikukague kwa seva kupitia humo. Alama isipokuwepo, huwezi kuiongeza ukiwa nje ya mlango. VPN hiyo lazima iwe ilisajiliwa kwa watumiaji wote wa mashine, si kwa mmoja tu, na kazi hiyo hufanywa na mwenye mamlaka ya admini akiwa ndani.

Kuna mtego mmoja hapa ambao dawati la msaada huutega bila kujua. Ukipiga simu wakakubadilishia nenosiri, mara nyingi kisanduku cha `User must change password at next logon` kinabaki kimewekewa tiki. Kwa aliye ofisini ni sawa, kwani Windows itamwomba aandike jipya. Kwa aliye nyumbani, VPN nyingi hazijui kumwomba mtu abadilishe nenosiri. Zinasema tu kwamba limekataliwa. Laptopu inalikataa kwa sababu hailijui, VPN inalikataa kwa sababu ya tiki, na wewe unaamini umekosea herufi. Ukipiga simu, waombe kwa maneno haya haya: wakuwekee nenosiri *bila* sharti la kulibadilisha mara ya kwanza, na utalibadilisha mwenyewe ukishaingia.

Ikishindikana yote hayo, njia inayobaki ni akaunti ya admini ya ndani ya mashine yenyewe, isiyotegemea domeini. Ofisi nyingi huitunza kwa LAPS, mfumo unaoipa kila mashine nenosiri lake na kuliandika kwenye saraka ya domeini, yaani orodha ya akaunti zote inayotunzwa na seva. Mwenye ruhusa upande wa ofisi analisoma hivi:

```
Get-LapsADPassword -Identity LT-014 -AsPlainText
```

Anaweza kuona kwamba tarehe ya nenosiri hilo imepita na akadhani halifai. Lifai au lisifai, mwambie alisome tu. Laptopu hubadilisha nenosiri hilo pale inapoweza kuandika jipya kwenye saraka; ikiwa kabatini haikuweza, basi la zamani lililoandikwa ndilo lililomo. Hii ni nafasi mojawapo adimu ambapo kukaa bila mtandao kunakuwa upande wako.

Fundi akishalipata, kwenye skrini ya kuingilia chagua mtumiaji mwingine, andika `.\` ikifuatiwa na jina la akaunti hiyo, kwa mfano `.\Administrator`. Alama ya nukta na mkwaju inaiambia Windows itafute ndani ya mashine, isiende kwenye domeini. Ukiwa ndani, unganisha waifai, anzisha VPN, hakikisha kwa `nltest` kama nilivyoeleza, kisha tumia `runas` kwa jina *lako* na nenosiri C. Ukiona dirisha jipya limefunguka, toka kwenye akaunti ya admini na uingie kwa jina lako kwa C. Hata kama VPN imekatika ulipotoka, utaingia, kwa sababu alama ya C imeshaandikwa. Mafaili yako yapo mahali pake, kwani Windows inakutambua kwa namba ya akaunti yako, na namba hiyo haibadiliki nenosiri likibadilika. Mkimaliza, nenosiri la admini lililotamkwa kwenye simu libadilishwe. Fundi anaweza kuendesha `Reset-LapsPassword` akiwa kwenye mashine hiyo huku VPN ipo.

Nilisema miezi minne peke yake haina kosa. Kuna mambo mawili, hata hivyo, yanayoambatana na kukaa muda mrefu ambayo yanaweza kukukwamisha njiani, na yote mawili yanaonekana kama tatizo la nenosiri.

La kwanza ni saa. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, laptopu inaamka ikiamini ni mwaka mwingine. Kuingia kwa akiba hakujali saa, lakini VPN itakataa vyeti vya usalama kwa kuviona havijaanza au vimepita, na hata VPN ikikubali, Kerberos, utaratibu ambao seva ya domeini hutumia kukutambua na kukupa tiketi za kuingilia, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine na seva kwa mpangilio wa kawaida. Saa iko palepale kwenye skrini iliyofungwa. Itazame kabla ya jambo lolote, na tarehe ikiwa si ya leo irekebishe kwenye BIOS.

La pili ni usafi wa upande wa ofisi. Baadhi ya idara za tehama husafisha saraka mara kwa mara, zikizima au kufuta akaunti za kompyuta zisizoonekana kwa muda, tuseme siku 90. Hapo uhusiano wa mashine na domeini unavunjika kweli, na ujumbe unabadilika: utaona `The trust relationship between this workstation and the primary domain failed`, au mwingine unaosema hifadhi ya usalama ya seva haina akaunti ya kompyuta hii. Ujumbe wa namna hiyo unatoka pale seva inapofikika. Wewe hujauona, kwa hiyo hatujui bado. Lakini ukija kuuona ofisini baada ya kuchomeka waya, uchomoe, na ujaribu tena nenosiri A. Bila seva, Windows inarudi kwenye akiba, na unaweza kuingia kuchukua mafaili yako hata kama domeini imekwisha kuisahau mashine. Ni mbinu ya zamani na inaokoa kazi nyingi.

Uhusiano ukiwa umevunjika lakini akaunti ya kompyuta bado ipo, fundi hana haja ya kuitoa mashine kwenye domeini. Akiwa ndani kama admini, seva ikionekana, anaukagua na kuurekebisha kwa PowerShell:

```
Test-ComputerSecureChannel -Verbose
Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential KAMPUNI\admini
```

Ya kwanza inajibu `True` au `False`. Ya pili inaweka nenosiri jipya la mashine pande zote mbili. Akaunti ikiwa imefutwa, amri hiyo haitafua dafu, na hapo tu ndipo ama waifufue kutoka kwenye pipa la saraka au mashine itolewe na kurudishwa kama fundi wako alivyotaka kuanza nayo.

Sababu ya kumzuia asianze nayo ni hii: mashine ikishatolewa kwenye domeini, akaunti za domeini haziingii tena humo, pamoja na ile alama ya A iliyokuwa tumaini lako. Kuirudisha kunahitaji kuiona seva. Ukiwa nyumbani bila VPN, na bila nenosiri la admini wa ndani, utabaki na mashine isiyo ya domeini wala ya kwako. Vivyo hivyo mkatalie akitaka kurudisha mfumo kwenye nakala ya zamani. Nakala hiyo inaweza kurudisha nenosiri la zamani la mashine ambalo seva imeshalisahau, na hapo mtakuwa mmetengeneza tatizo lililokuwa halipo.

Inawezekana pia kwamba A ni sahihi kabisa, unalikumbuka vizuri, na bado linakataa bila mtandao. Hapo shuku kwamba alama yako haimo. Kwa kawaida Windows huhifadhi alama za watumiaji 10 wa mwisho wa domeini, na ofisi inaweza kuweka namba yoyote kuanzia 0 hadi 50. Ofisi zinazofuata miongozo mikali ya usalama huiteremsha hadi 4 au chini, na 0 maana yake hakuna kuingia bila seva. Ikiwa laptopu ilipitia mikono ya mafundi kadhaa kabla ya kwenda kabatini, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake, wewe wa zamani kuliko wote ndiye uliyesukumwa nje. Ukishapata kuingia, namba iliyowekwa utaiona hivi:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon" /v CachedLogonsCount
```

Na kama akaunti yako imo kwenye kundi la `Protected Users`, ambalo huwekewa watu wenye mamlaka makubwa, Windows haikuandikii alama kabisa, hata namba hapo juu ikiwa 50. Mtu wa namna hiyo hana budi kuwa na VPN ya kabla ya kuingia.

Ukishafanikiwa, jipime kabla ya kuondoka kwenye meza. Kata mtandao wote, toka, ingia kwa C. Ukiingia, fungua `Event Viewer` kwa ruhusa ya admini, kwenye kumbukumbu za `Security`, utafute tukio namba 4624 la dakika hiyo. Mstari wa `Logon Type` ukisoma 11, umeingia kwa akiba, na akiba hiyo sasa ni ya C. Ukiandika `klist` wakati huohuo utaikuta haina tiketi hata moja, kwa sababu hakuna seva iliyokupa. Hilo si kosa.

Siku ya kwanza baada ya hapo unaweza kukuta kivinjari kimesahau manenosiri kilichoyahifadhi au programu fulani zinakuomba uingie upya. Siri hizo zimefungwa kwa ufunguo ambao nao ulifungwa kwa nenosiri A. Windows hujua kuufungua upya kwa msaada wa seva ya domeini, ila inahitaji muda wa kuongea nayo. Kwa hiyo mara ya kwanza ukiwa ndani kwa C, unganisha VPN uiache ikae, usiikate mara tu baada ya kuona eneo la kazi. Usifute wala kuhamisha chochote ndani ya `%APPDATA%\Microsoft\Protect`, hata kama mtu atakuambia ni takataka. Funguo zenyewe zinakaa humo.

Na kama baada ya saa chache akaunti yako inajifunga yenyewe, tafuta mahali ambapo A au B bado limeandikwa: simu inayovuta baruapepe za ofisi, waifai ya ofisi iliyohifadhiwa kwenye laptopu, au `Credential Manager` yenye nenosiri la folda ya pamoja. Laptopu iliyolala miezi minne inaamka na yote iliyolala nayo, na sasa kwa kuwa inaifikia seva, kila jaribio la nenosiri la zamani linahesabiwa.